Kidonge cha Tatu

Mama yangu alinifundisha kwamba mke wa mtu haangalii mdomo wa baba mkwe wake. Unamtengea chakula, unapiga goti kidogo, unaweka sahani mbele yake, unatoka. Yeye akila, wewe uko jikoni na masufuria yako. Sisi watu wa milima ya Masisi tumelelewa hivyo, na sikuwahi kuona ni mzigo. Kusema kweli ilinipumzisha, maana mimi nina mdomo mwepesi na mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Tungekula pamoja ningemchokesha kabla sahani haijafika nusu.

Alikuja kwetu Kyeshero, mjini, wakati vita vilipowatoa kijijini. Walishuka wawili, yeye na mdogo wake, wamebaki na fimbo za kuchungia na ng'ombe hawapo tena. Mdogo wake alibaki Kanyaruchinya kwenye kambi, katika kibanda cha turubai. Tulimwita aje kwetu, akakataa. Alisema hawezi kulala chumba cha mtoto wa kaka yake kama mgeni wa harusi asiyeondoka. Mkwe wangu alicheka aliposikia, lakini kila Jumapili baada ya misa alipanda pikipiki kwenda kumwona, na kidumu cha maziwa mkononi. Hao watu wawili walikulia sahani moja. Hata wakiwa na wajukuu, ukiwapa sahani mbili walizimimina katika moja.

Kikohozi cha mkwe wangu tulikilaumu moshi wa makala, makaa ya jikoni, kisha tukalaumu vumbi la mawe ya volkano. Alianza kukonda, usiku akawa analowanisha shuka kwa jasho. Mume wangu, anayeendesha lori na ambaye kila mara yuko barabarani, alipiga simu akaniambia, mpeleke muzee santé leo, usingoje mimi nirudi. Nikampeleka kwenye kituo cha afya. Walipima makohozi, na muuguzi akatuambia bila kuzunguka kwamba ni kifua kikuu, kwamba kinapona, kwamba dawa ni bure, na kwamba itachukua miezi sita ya kumeza kila siku.

Akauliza ni nani wanaoishi naye nyumbani. Mkwe wangu alikuwa anaangalia viatu vyake, kwa hiyo nikajibu mimi: mimi, mume wangu akiwepo, na watoto. Watoto wakapimwa, na yule wa mwisho, aliyekuwa bado mdogo sana, akapewa dawa ya kumkinga. Nilirudi nyumbani najisikia nimemaliza kazi. Muuguzi aliuliza nyumba, nami nikajibu nyumba. Kanyaruchinya haikupita hata kichwani mwangu.

Dawa tulipewa na famasien wa kile kituo, mwanaume wa Butembo, mnene, mcheshi, mwenye tabia ya kutania wagonjwa mpaka wasahau kwamba ni wagonjwa. Juu ya rafu nyuma yake kulikuwa na makartoni madogo, kila mgonjwa na lake, na dawa zake za safari nzima zikiwa zimewekwa kando. Aliteremsha la mkwe wangu, akalipigapiga kwa kiganja.

"Muzee, hili ni shamba lako," alisema. "Hakuna mwingine atavuna humu."

Kisha akanigeukia mimi akaacha utani, akaniambia: Vidonge vitatu, vyote kwa mara moja, asubuhi kabla ya kula, saa ileile kila siku. Mkojo utakuwa mwekundu, msiogope, ni rangi ya dawa. Akitapika sana, au macho yakiwa manjano, mlete siku hiyo hiyo. Akitaka kunywa dawa nyingine yoyote, hata ya majani, aniulize kwanza. Na kila juma urudishe karatasi tupu za vidonge ndipo nikupe nyingine.

"Na wewe mama, ndiye utakayemwangalia. Si kumpa tu. Kumwangalia mpaka ameze."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kama tunavyosema amina kanisani, kabla padri hajamaliza.

Kila asubuhi nilifanya hivi. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikamwaga katika kikombe. Nilitoa vidonge vitatu katika karatasi yake nikaviweka kwenye kisahani. Nilipiga goti, nikampa, na nikageuza uso kuelekea mlango. Nilisikia kikombe kikigonga meno, nikasikia koo. Kisha alisema, "Asante, mama," na mimi nikachukua kisahani kikiwa kitupu. Sikukosa asubuhi hata moja. Nilikuwa najivuna, mnielewe. Nilimwambia jirani yangu kwamba hapa kwetu dawa haichezewi.

Na dalili zilikuwa nzuri. Mkwe wangu mwenyewe alimwambia mtoto wetu wa mwisho, kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia, kwamba babu siku hizi anakojoa Fanta. Mtoto akaenda kuwatangazia majirani. Tulicheka. Na mimi jikoni, nikikata majani ya sombe, nilijiambia kwamba kama ni Fanta basi dawa imeingia.

Homa ilipungua. Kikohozi nacho kililegea, hakikuisha. Kila Jumapili alienda Kanyaruchinya na kidumu chake, na mimi nilifurahi kwamba ana nguvu za kupanda pikipiki.

Miezi miwili ilipoisha, walipima makohozi tena. Muuguzi alitoka na uso wa mtu asiyetaka kusema. Vijidudu vilikuwa bado vipo. Na kwenye mizani mkwe wangu hakuwa ameongeza chochote cha maana. Walichukua makohozi mengine kupeleka kwenye mashine inayoonyesha kama ugonjwa umekuwa sugu kwa dawa, wakatuambia tungoje.

Mimi nilikasirika. Sikumkasirikia mkwe wangu, jamani, niliwakasirikia wao. Nikaenda moja kwa moja kwenye dirisha la famasien, nikamwambia kwamba vidonge vyake labda vimeharibika, au vimechakachuliwa, kwa sababu mimi sijakosa hata siku moja, na karatasi tupu nimezileta zote, aangalie. Sauti yangu ilisikika mpaka kwa wamama wa chanjo. Mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye benchi kule nje, fimbo katikati ya magoti.

Famasien hakubishana. Alifungua mlango wa pembeni akaniita ndani, akavuta kiti akakaa.

"Mama, leo mimi ni mukwe wako. Nipe dawa."

Nilidhani ananitania. Lakini aliweka vidonge vitatu vya vitamini kwenye kifuniko, akasukuma kikombe cha maji kwangu. Basi nikafanya. Nilipiga goti, nikampa, nikageuka kuelekea mlango. Nilisikia kikombe. Niligeuka tena kuchukua kifuniko, kilikuwa kitupu.

"Nimemeza?" aliuliza.

"Umemeza."

Akafungua mkono wa kushoto. Vidonge vyote vitatu vilikuwa vimo.

"Ulikuwa unaangalia nini kule mlangoni?"

Nilimweleza. Ilinichukua muda kueleza, kwa sababu ni kitu ambacho hujawahi kukieleza kwa mtu, kama vile kueleza kwa nini unavaa nguo. Yeye alinisikiliza bila kucheka, yeye ambaye hucheka kila kitu. Kisha akasema kosa ni lake pia. Kwao Butembo nako kuna heshima za ukwe, alizijua, na siku ile aliniambia "mwangalie" bila kuniuliza kama naweza. Nilijua kwamba huko nje kwenye benchi yupo mzee ambaye mimi sijawahi kumwona akimeza hata kidonge kimoja.

"Sasa tumtafutie mtu mwingine," famasien alisema. "Mume wako yuko barabarani. Basi aje amezie hapa mbele yangu, kila asubuhi. Ni karibu, atatembea polepole."

Mkwe wangu alikubali upesi mno. Kesho yake tulienda pamoja kabla jua halijapanda. Mimi nilisimama kando ya mlango nikiangalia barabara, chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ikipita na magunia ya makala. Famasien alimwekea vidonge katika kiganja. Nilisikia akimeza, mara moja, mara mbili. Ya tatu sikuisikia.

"Muzee," famasien alisema taratibu. "Fungua mukono."

Mkwe wangu hakuufungua.

"Muzee. Nakuomba."

Na hapo ndipo mkwe wangu aliposema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Hiki si changu. Ni cha mudogo wangu."

Niligeuka. Nilimwangalia usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa ameshikilia kidonge cha tatu kati ya vidole viwili, na macho yake yamejaa.

Habari ilitoka kidogokidogo. Mdogo wake alikuwa anakohoa kule kambini, tena alianza kabla yake. Alikataa kupimwa. Aliona kilichompata jirani mmoja aliyejulikana ana tebe, hicho kifua kikuu: watu waliacha kumuazima hata sufuria, na watoto wakakatazwa kupita mbele ya kibanda chake. Alimwapisha kaka yake asiseme popote. Basi kaka akafanya alichojua kufanya tangu utotoni. Alimeza viwili, akabakiza kimoja. Jumapili alipeleka vya juma zima, vimefungwa ndani ya kipande cha mfuko wa plastiki, chini ya kidumu cha maziwa. Mdogo alikuwa anameza kimoja kila siku, na alisema anasikia nafuu.

"Niliona vitatu ni vingi kwa mutu mumoja," alisema. "Na mimi nilikuwa naona mukojo bado ni mwekundu."

Famasien alijifuta uso kwa kitambaa. Sikuona hasira kwake, nami ningependa angekasirika, ingekuwa rahisi kwangu.

"Papa, dawa hii haigawanywi," alisema. "Vitatu ni kwa uzito wako wewe. Ukimeza viwili ugonjwa haufi, unajifunza. Yeye akimeza kimoja, ni vilevile. Nanyi hamkuwa na sababu ya kugawana. Humu kuna kartoni lake. Ni bure. Lilikuwa linamngoja yeye aje tu."

Mkwe wangu aliangalia rafu. Nadhani hilo neno, bure, ndilo lililomvunja. Alikuwa amejinyima mwili wake mwenyewe kwa kitu ambacho kaka na mdogo wangeweza kupewa kila mmoja mkono uliojaa. Alimeza kile kidonge cha tatu bila maji.

Siku hiyo hiyo tulikwenda Kanyaruchinya, mimi na yeye na muuguzi, pikipiki mbili. Nilikuwa nimekwenda kule mara nyingi kabla kupeleka unga na maharagwe, na kila mara nilisalimia nikiwa mlangoni, nikaacha mzigo, nikarudi. Yule naye ni mkwe wangu. Safari hii niliingia. Alikuwa amelala juu ya godoro jembamba, mifupa ya mabega imetoka, na alipotuona na muuguzi alimwangalia kaka yake kwa jicho ambalo sitalieleza. Kaka akakaa chini sakafuni kando yake.

"Nimesema," alimwambia. "Nimewaambia. Unisamehe, lakini nimesema."

Mdogo akauliza kama maziwa yamekuja.

Tulimhamishia kwetu, hakuwa na nguvu ya kukataa. Tulimweka chumba chenye dirisha kubwa, dirisha wazi mchana kutwa, watoto wakakaa upande mwingine wa nyumba. Makohozi yake yalijaa vijidudu. Kitu kimoja tulihurumiwa: mashine ilionyesha kwamba kwa wote wawili ugonjwa haujawa sugu. Daktari akasema mkubwa aanze upya, kutoka mwezi wa kwanza, na mdogo aanze naye. Famasien akateremsha kartoni jipya, akaandika jina la mdogo juu yake, akaliweka rafuni karibu na la kaka yake.

Sasa nani awaangalie? Mdogo hakuweza kutembea mpaka kituoni. Jioni mkwe wangu mkubwa alitoka uani nilipokuwa nachambua maharagwe, akasimama mbali kidogo, kama ilivyo desturi.

"Mama," alisema. "Kesho, usigeuke."

Nikamwambia nitaona haya.

"Hata mimi nitaona haya. Tutaona haya wote, halafu tutakunywa chai."

Asubuhi nilipiga goti nikakaa hivyo hivyo, sikugeuka. Alimeza kimoja, cha pili, cha tatu, akafungua mdomo nione. Alikuwa na meno machache kuliko nilivyodhani. Mdogo wake alikuwa anameza kwa shida, nusu ya kikombe kwa kila kidonge, na alipomaliza naye alifungua mdomo, akatoa ulimi kama mtoto, ili anichekeshe. Nilicheka. Nilienda jikoni nikalia, sijui kwa nini hasa, labda kwa sababu ilikuwa kitu kidogo namna hiyo.

Yule mdogo hakuishi muda mrefu. Muuguzi alituambia ukweli: dawa ni nzuri, lakini zinahitaji mwili wa kufanyia kazi, na huyu ameletwa mwili umekwisha. Alitapika, famasien akaja mwenyewe nyumbani kumwona, akamwangalia macho, akatafuta namna, wakampeleka hospitali, wakamwekea oksijeni. Alifariki kule, asubuhi, saa ya dawa. Kaka yake alikuwa pembeni na kikombe.

Watu wananiambia ilikuwa imeandikwa. Siwakatalii, lakini mimi naijua ile miezi miwili. Kwa miezi miwili yule mtu alikuwa anakohoa mwendo mfupi wa pikipiki kutoka kwenye dirisha la dawa, na kila Jumapili mtu wa nyumba yangu alitoka na dawa pungufu chini ya maziwa niliyoyachemsha mimi. Swali moja tu la muuguzi lingetosha, kama lingeelekezwa kwa mkubwa badala ya kujibiwa na mimi. Jicho langu moja lingetosha. Siwezi kumlaumu mama yangu, alinifundisha heshima, na heshima ni kitu kizuri. Lakini inaniuma, na naona itaendelea kuniuma.

Mkwe wangu alifikiri kuacha. Baada ya mazishi alilala na uso ukutani, akasema hakuna haja. Hapo ndipo mdomo wangu mwepesi ulipofaa kitu, kwa mara moja. Nilisimama mlangoni na kisahani nikamwambia kwamba sitaondoka, na kwamba chai inapoa, na watoto watachelewa shule kwa sababu yake, na mume wangu akirudi nitamwambia babake ananipimia nguvu. Nilisema mpaka nikakosa maneno. Aliamka akameza tu ili ninyamaze. Kesho yake nikaanza upya. Famasien naye alimpigia simu kila asubuhi ya juma lile, akimuuliza habari za ng'ombe wa zamani, yupi alikuwa na maziwa mengi, kisha mwishoni anaulizia vidonge, "Na vinini, Papa?"

Miezi ikaenda. Makohozi ya mwezi wa pili yalitoka safi. Dawa zikabadilishwa kuwa za awamu ya pili, mizani ikaanza kupanda, suruali zake nikazilegeza kiunoni. Lakini kila juma tulipokwenda kuchukua dawa, aliangalia rafu. Kartoni la mdogo wake lilikuwa bado pale kwa muda, karibu limejaa, mpaka siku moja halikuwepo. Hakuuliza. Mimi nilimwona akilitafuta.

Siku ya mwisho muuguzi alitusomea matokeo: amepona. Mume wangu alikuwa amerudi, alipiga makofi pale pale kwenye benchi. Famasien alitoka nje ya dirisha lake akamkumbatia mkwe wangu, akamwambia amevuna shamba lake lote.

Mkwe wangu alikubali kukumbatiwa. Kisha akaelekeza fimbo kwenye rafu, pale palipokuwa na nafasi.

"Zile dawa za mudogo wangu, mulizipeleka wapi?"

"Tulimpa mwingine, Papa. Mama mmoja wa Kibati. Zilikuwa nzima, hazikuharibika."

"Anameza vyote?"

"Anasema anameza vyote."

Mkwe wangu alinigeukia mimi, si famasien, akaniangalia usoni.

"Na nani anamwangalia?" aliuliza.